Waraka wa umbizo moja: namna ya kuagiza PDF/A-2b masijalani na kuhakikisha inafuatwa

Mwaka wangu wa kwanza kama afisa kumbukumbu nilitoa waraka wa ndani wa mistari mitatu. Ulisema kwamba kuanzia siku ile, kila waraka unaoletwa masijala kuhifadhiwa uwe katika PDF. Idara zilitii. Miezi minane baadaye mwanasheria wa ofisi akaja kuomba muhtasari wa kikao kimoja cha viwanja, nikaufungua mbele yake. Ukurasa wa kwanza ulikuwa salama. Ukurasa wa pili, penye jedwali la namba za viwanja, ulijaa visanduku vitupu na alama zisizosomeka. Mwandishi wa muhtasari alitumia fonti aliyoishusha mtandaoni, faili halikuibeba fonti hiyo ndani yake, na kompyuta yangu haikuwa nayo. Mwandishi mwenyewe alikuwa amekwisha kuhamishwa. Wiki ileile nikakuta faili lingine limefungwa kwa nywila ambayo hakuna aliyeikumbuka, na lingine ambalo lilikuwa picha ya simu iliyopigwa kwa mshazari, mstari wa mwisho umekatwa.

Yote matatu yalikuwa PDF. Waraka wangu ulikuwa umetekelezwa neno kwa neno, na bado ulikuwa umeshindwa, kwa sababu nilitaja jina la ukoo badala ya kumtaja mtu. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na sentensi moja ya waraka kabla ya kufika kwenye kompyuta.

Hatua ya kwanza: amua umbizo lenyewe, mpaka herufi ya mwisho

PDF ya kawaida inaruhusu karibu kila kitu. Inaweza kutegemea fonti zilizo kwenye kompyuta ya mtu mwingine, inaweza kubeba video, inaweza kufungwa kwa nywila, inaweza kuwa na msimbo unaobadilisha kinachoonekana. PDF/A ni PDF iliyonyang'anywa uhuru huo. Ni kiwango cha kimataifa, ISO 19005, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2005 kwa ajili ya kuhifadhi nyaraka muda mrefu. Fonti zote lazima ziwe ndani ya faili. Nywila hairuhusiwi, sauti na video haziruhusiwi, na faili halitegemei kitu chochote kilicho nje yake ili lionekane. Rangi nazo zinaelezwa kwa namna isiyotegemea skrini au printa ya mtu fulani.

Lakini ukiandika "PDF/A" tu, bado hujamaliza. Kuna matoleo manne. La kwanza ni lile la 2005. La pili lilikuja 2011, likaruhusu mambo ambayo la kwanza liliyakataa, mfano picha zenye sehemu zinazopitisha mwanga na mbinu mpya ya kubana picha. La tatu, la 2012, linafanana na la pili isipokuwa linakuruhusu kuambatisha ndani yake faili la aina yoyote. La nne ni la 2020. Katika matoleo matatu ya kwanza, baada ya namba huja herufi. Herufi b maana yake ni kwamba waraka utaonekana vilevile siku zote. Herufi u inaongeza sharti kwamba kila herufi iliyomo iweze kutafutwa na kunakiliwa kama maandishi. Herufi a inadai pia muundo wa waraka uwe umewekewa alama, vichwa vya habari, aya, majedwali, ili hata msomaji asiyeona aweze kusomewa vizuri.

Mimi nimechagua PDF/A-2b. Toleo la kwanza nililiacha kwa sababu nyaraka za siku hizi, zenye nembo na vivuli, hugoma kugeuka au hugeuka vibaya. La tatu nililiacha kwa sababu ya hicho kibali cha kuambatisha chochote. Faili linapita ukaguzi, kumbe ndani limebeba jedwali au programu ambayo miaka ishirini ijayo hakuna atakayeifungua, na masijala inadhani imehifadhi. Herufi a ni nzuri kuliko zote, ila karatasi iliyoskaniwa haiwezi kuipata bila mtu kukaa na kuweka alama ukurasa kwa ukurasa, na masijala yangu ni asilimia kubwa karatasi. Ofisi inayozalisha nyaraka zake zote kwenye kompyuta ichague 2u au 2a bila wasiwasi. Jambo ninalolisisitiza ni kuchagua moja na kuliandika lote.

Hatua ya pili: andika waraka

Huu ndio ninaoutumia sasa. Uko katika sura ya ofisi za serikali za Tanzania, lakini vipengele vyake vitafaa popote penye masijala.

> WARAKA WA NDANI
>
> Kwa: Wakuu wote wa Idara na Vitengo
> Kutoka: Afisa Kumbukumbu, Masijala Kuu
> Kumb. Na.: ………… Tarehe: …………
>
> YAH: UMBIZO LA NYARAKA ZA KIELEKTRONIKI ZINAZOHIFADHIWA
>
> 1. Kuanzia tarehe …………, nakala ya kumbukumbu ya kila waraka wa kielektroniki unaohifadhiwa Masijala Kuu itakuwa katika umbizo la PDF/A-2b (ISO 19005-2, kiwango b). Umbizo jingine halitasajiliwa.
>
> 2. Agizo hili linahusu waraka uliokamilika: uliosainiwa, uliotumwa, uliopokelewa au uliopitishwa na kikao. Rasimu zitaendelea kuandikwa katika programu yoyote ambayo idara inaitumia.
>
> 3. Idara italeta masijala PDF ya waraka pamoja na faili lake la asili. Kugeuza kwenda PDF/A-2b ni kazi ya masijala.
>
> 4. Waraka utahesabiwa umepokelewa pale nakala yake itakapopita ukaguzi wa programu ya veraPDF na mwandaaji kuthibitisha kwamba yaliyomo hayakubadilika.
>
> 5. Faili la asili litatunzwa pamoja na nakala ya kumbukumbu pale tu linapokuwa jedwali lenye fomula, ramani au mchoro wa kitaalamu, au waraka wenye saini ya kidijitali.
>
> 6. Waraka huu hautoi ruhusa ya kuharibu karatasi yoyote.

Kipengele cha pili kinazuia ugomvi. Toleo langu la awali lilisema "nyaraka zote", na katibu muhtasari mmoja akawa anageuza rasimu kuwa PDF kila jioni, asubuhi anashindwa kuzisahihisha. Umbizo la kuhifadhia halipaswi kuwa umbizo la kufanyia kazi.

Kipengele cha tatu ndicho kilichobadilisha mambo kwangu. Mwanzo nilitaka kila idara igeuze yenyewe. Kumbe Word, unapoteua PDF/A, haikuulizi unataka toleo lipi. Inatoa toleo lake, na toleo hilo si moja katika Word ya zamani na ya sasa. Ofisi yenye kompyuta kumi na mbili za umri tofauti itakuletea PDF/A za aina mbili tatu, na kila mtu atakuwa ametii. Kugeuza kukifanywa mahali pamoja, kwa zana moja, na watu wawili waliofundishwa, matokeo yanakuwa ya aina moja.

Kipengele cha sita usikiache hata kama kinaonekana hakihusiani. Mara tu watu wanaposikia "tunaskani", kuna atakayetaka kuondoa makabati. Tanzania jambo hili linaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya mwaka 2002, na kumbukumbu za umma haziteketezwi kwa waraka wa ndani wa ofisi. Lazima upite kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Hatua ya tatu: mwonyeshe mwandaaji namna ya kutoa PDF yake

Kwa nini tunadai PDF kutoka idarani wakati tutaigeuza wenyewe? Kwa sababu ya fonti. Kompyuta iliyoandika waraka ndiyo yenye fonti za waraka ule. Ukipokea faili la Word peke yake na kulifungua masijala, programu itaweka fonti mbadala kimyakimya, mistari itasogea, na barua ya kurasa nne itakuwa ya kurasa tano, saini ikiwa imebaki peke yake mwisho.

Katika Word, mwandaaji anaingia `File > Save As`, anachagua PDF, anabofya `Options`, anaweka alama kwenye `PDF/A compliant` (Word za zamani huandika `ISO 19005-1 compliant (PDF/A)`), kisha anahifadhi. Hapo hatujali ni toleo lipi limetoka. Tunachotaka ni fonti ziingie ndani ya faili. Anayetumia LibreOffice ana njia fupi zaidi, kwa kuwa yeye anaweza kufika moja kwa moja: `File > Export As > Export as PDF`, anaweka alama kwenye `Archival (PDF/A, ISO 19005)` na kuchagua `PDF/A-2b`.

Njia ya kukataza kabisa ni ile ya kuprinti waraka, kuusaini, na kuuskani, halafu kuleta skani peke yake wakati faili la asili lipo. Saini ya kalamu ikihitajika, skani iletwe, lakini faili la asili liambatane nayo ili maandishi yaweze kutafutwa bila makosa.

Hatua ya nne: skani karatasi vizuri mara moja

Hapa ndipo makosa yasiyorekebishika yanapozaliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Weka skana kwenye nukta 300 kwa inchi na uskani kwa rangi. Najua rangi inaongeza ukubwa wa faili. Lakini chukua stakabadhi yenye muhuri wa zambarau uliogongwa juu ya kiasi cha fedha. Kwa rangi, jicho linatenganisha wino wa muhuri na tarakimu zilizo chini yake. Kwa nyeusi na nyeupe, vyote vinakuwa doa moja jeusi, na tarakimu imepotea moja kwa moja. Vivyo hivyo kwa maelekezo ya mkuu wa idara yaliyoandikwa pembeni kwa kalamu nyekundu.

Geuza kila karatasi uone nyuma. Barua nyingi za masijala zina maelekezo mafupi mgongoni, mara nyingine na saini, na mashine ya kulisha karatasi inayoskani upande mmoja haitakuambia kwamba imeyaruka.

Kisha zima ubanaji mkali wa skana, ule unaoahidi faili dogo sana. Mwaka 2013 David Kriesel, mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox zilikuwa zinabadilisha tarakimu wakati wa kuskani. Mashine ilikuwa ikitafuta vipande vya picha vinavyofanana na kutumia kimoja mahali pa vyote ili kupunguza ukubwa, na 6 ndogo ikageuka 8. Tarakimu iliyokosewa ilionekana safi kabisa. Kosa la aina hii ukaguzi wa PDF/A hauwezi kulikamata, kwa sababu unakagua chombo, haukagui kilichomo.

Baada ya skana, faili linapita kwenye OCRmyPDF, programu ya bure inayosoma maandishi yaliyo kwenye picha na kutoa PDF/A. Kwenye kompyuta ya Ubuntu inawekwa pamoja na lugha ya Kiswahili hivi:

```
sudo apt install ocrmypdf tesseract-ocr-swa
```

Na kazi yenyewe ni mstari mmoja:

```
ocrmypdf -l swa+eng --rotate-pages --deskew --output-type pdfa-2 skani.pdf F023.pdf
```

Inanyoosha ukurasa uliopinda, inageuza uliokaa kichwa chini, na kuweka maandishi yasiyoonekana nyuma ya picha ili waraka uweze kutafutwa. Picha ndiyo kumbukumbu, na maandishi ni msaada wa kutafutia tu. Yaliyoandikwa kwa mkono hayatasomeka vizuri, kwa hiyo jina la mtu lililo katika barua ya mkono liingize kwenye rejista yako kwa kuliandika mwenyewe.

PDF iliyotoka idarani inapita mlango huohuo, ila tunaiambia programu isiguse kurasa ambazo tayari zina maandishi:

```
ocrmypdf -l swa+eng --skip-text --output-type pdfa-2 asili.pdf F031.pdf
```

Hatua ya tano: kagua, usiamini tangazo

Ukifungua PDF/A kwenye Adobe Reader, juu hutokea ukanda wa buluu unaosema faili linadai kufuata kiwango cha PDF/A. Soma neno hilo vizuri: linadai. Faili lina mstari ndani yake unaosema "mimi ni PDF/A", na programu inakupasha habari hiyo bila kuichunguza. Nimeshaona mafaili yenye ukanda huo yakiwa hayana fonti.

Anayechunguza kweli ni veraPDF, programu ya bure inayohitaji Java. Ina dirisha la kubofya, lakini kwa folda nzima mstari huu unatosha:

```
verapdf --flavour 2b --format text --recurse TAYARI
```

Kila faili linapata mstari unaoanza na `PASS` au `FAIL`. Ukiona `FAIL`, usihangaike kwanza kusoma ripoti ndefu. Jiulize maswali mawili: je, faili hili limepita kwenye OCRmyPDF au mtu ameliweka tu kwenye folda? Na je, ni toleo la 2, au ni la 1 au la 3 kutoka Word? Kwangu sehemu kubwa ya zilizoanguka zilikuwa na jibu hapo.

Baada ya mashine, macho. Weka asili na nakala ubavu kwa ubavu, hesabu kurasa, tazama ukurasa wa kwanza, wa mwisho, na kila wenye jedwali. Halafu nakili aya moja kutoka kwenye PDF, ibandike kwenye Notepad. Ikitoka takataka ya alama wakati kwenye skrini inasomeka, waraka utaonekana daima lakini hautatafutika. Kiwango b hakikulindi na hilo. Dawa yake ni kuufanya usomwe upya kama skani, kwa kuweka `--force-ocr` mahali pa `--skip-text`, ukijua kwamba kila ukurasa utageuzwa kuwa picha.

Jalada moja, mwanzo hadi mwisho

Nieleze jalada la ugawaji wa vizimba vya soko, kwa sababu lilikusanya karibu kila tatizo. Lilikuwa na folio 41. Kati yake 26 zilikuwa karatasi, 9 faili za Word, 3 PDF zilizokuja kwa barua pepe, 1 jedwali la Excel na 2 picha za simu.

Karatasi 26 ziliskaniwa asubuhi moja na zote zikapata `PASS`. Ukaguzi wa macho ukakuta folio ya 17 ina maelekezo mgongoni ambayo hayakuskaniwa, na maelekezo hayo ndiyo yaliyobadilisha mgawo wa vizimba vinne. Tukairudia. Bila kugeuza karatasi, jalada lingekuwa na alama ya kupita na pengo katikati yake.

Za Word, nane zilitoka vizuri idarani. Ya tisa mwandaaji wake alikwisha kustaafu, hatukuwa na PDF yake. Nilipoifungua kwenye LibreOffice, kurasa 4 zikawa 5. Nakala ya karatasi iliyosainiwa ilikuwepo jaladani, kwa hiyo niliskani karatasi ikawa ndiyo kumbukumbu, na kwenye rejista nikaandika kwamba faili la Word lipo lakini mpangilio wake haulingani na uliosainiwa. Kushindana na mpangilio mpaka ulingane ingekuwa ni kutengeneza waraka mpya na kuuita wa zamani.

PDF tatu za barua pepe zilikuwa na mambo yake. Ya kwanza ilipita. Ya pili ilikuwa na nywila na OCRmyPDF ikaikataa. Tulimwandikia mtumaji atulete isiyofungwa, ikaja baada ya siku nne. Kuna programu za kuvunja nywila, lakini sizitumii kwa kumbukumbu za ofisi. Waraka uliovunjwa kufuli na mtunzaji wake una swali la kujibu siku ukifika mahakamani. Ya tatu ilikuwa na saini ya kidijitali. Saini ya namna hii inathibitisha kwamba faili halijaguswa tangu lisainiwe, kwa hiyo kuligeuza tu kunaivunja. OCRmyPDF za karibuni hulikataa faili hilo zenyewe. Hapa kipengele cha tano kinafanya kazi: faili la asili linabaki kama lilivyo katika folda `ASILI`, na nakala ya PDF/A-2b inatengenezwa kando kwa ajili ya kusomwa. Kabla ya hapo, fungua saini, tazama imethibitishwa na nani na lini, na uandike matokeo kwenye rejista, kwa maana baadaye uthibitisho huo unaweza usipatikane tena.

Jedwali la Excel lilikuwa na safu 14 kwenda kulia. Lilipogeuzwa bila kutayarishwa, safu tano za mwisho zilihamia kurasa nyingine, na jina la mfanyabiashara likatengana na kodi yake. Tulilaza ukurasa, tukaagiza upana wote uingie ukurasa mmoja, tukarudia kichwa cha jedwali kila ukurasa, ndipo tukatoa PDF. Fomula hazihamii kwenye PDF, zinabaki namba tupu. Mkaguzi anayetaka kujua jumla ilipatikanaje atahitaji Excel yenyewe, kwa hiyo nayo ikaenda `ASILI`.

Picha mbili za simu tuliziweka kwenye ukurasa wa LibreOffice, chini ya kila moja tukaandika aliyepiga, tarehe na kizimba kinachoonekana, tukatoa PDF/A-2b. Picha bila maelezo hayo, mwaka ujao itakuwa picha ya soko lolote.

Jioni ya siku ya pili, ukiondoa ile iliyokuwa inasubiri mtumaji, folda ya `TAYARI` ilikuwa na mafaili 40 yenye `PASS`. Ya 41 iliingia ilipofika.

Wiki za mwanzo baada ya waraka kutoka

Usitume waraka Ijumaa na kuanza Jumatatu. Mimi hutoa siku 30, na ndani yake napita kila idara na kompyuta yangu, naketi na katibu muhtasari, tunatoa PDF moja pamoja kutoka kwenye barua yake halisi. Dakika kumi kwa kila mmoja zinatosha, na hapo ndipo unapogundua kwamba kompyuta fulani ina Word ya zamani ambayo maneno yake ya menyu si yale uliyoyaandika.

Faili lisilofaa linaporudishwa, lirudishwe siku hiyohiyo na kwa sababu moja inayoeleweka: "lina nywila", "ukurasa wa 3 umekatwa". Ukirudisha na ripoti ya veraPDF ya kurasa mbili, halitarudi tena, na waraka utaishi kwenye kompyuta ya mtu mpaka ahamishwe.

Weka pia orodha ya alama za uhakiki kwa kila folda iliyokamilika, kwa kuwa umbizo zuri halizuii diski kuharibika:

```
sha256sum *.pdf > orodha.txt
sha256sum -c orodha.txt
```

Mstari wa kwanza unaandika orodha mara moja, na wa pili unaurudia kila robo mwaka. Faili lililobadilika hata nukta moja halitaandikiwa `OK`, na hapo unaleta nakala kutoka diski ya pili, ile inayokaa jengo lingine.

Kwenye rejista, pembeni ya namba ya folio, mimi huandika vitu vinne: jina la faili, tarehe ya kupita ukaguzi, toleo la veraPDF lililotumika, na herufi A kama kuna faili lake kwenye `ASILI`. Kwa folio ya 17 ya jalada lile la soko nimeongeza maneno matatu, "pande zote mbili", na herufi za mwanzo za jina langu.